Kama Wabudha wanataka kuacha kuzaliwa tena, mbona Dalai Lama anapanga kurudi?

Julai 2025 nilikuwa kwa kinyozi wangu Kangemi, tivii ya ukutani imewashwa, na habari zikaleta stori ya Dalai Lama, yule kiongozi wa dini wa Wabudha wa Tibeti, kufikisha miaka 90. Siku chache kabla ya hiyo besdei alikuwa ametangaza kwamba cheo chake hakitaisha na yeye, maana yake akifa watatafuta mtoto ambaye wanaamini ni yeye mwenyewe amerudi, kama vile yeye alivyotafutwa akiwa mtoto mdogo, huyu akiwa ni wa 14. Kinyozi akazima mashine, akabaki ameishika hewani, akaniuliza, "Mwalimu, hebu nisaidie hapa. Si hawa watu dini yao ni kutafuta usizaliwe tena? Sasa huyu mzee ameomba maisha yake yote, ako na miaka tisini, na bado anasema anarudi. Kwani alifeli?"

Nimefundisha dini shule za sekondari miaka mingi na nakwambia ukweli sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo kuhusu Ubudha. Watu huuliza kama wanaabudu sanamu, kama hawali nyama, basi. Huyu aligusa mahali penyewe ambapo Ubudha uligawanyika matawi mawili. Nilimjibu kwa kifupi juu kulikuwa na foleni, lakini jibu kamili linataka nafasi, ndo nimelileta hapa.

Tuanze na jina. Hapa Nairobi ukisema buda watu wanaelewa mzee, baba, ama tu jamaa wa mtaani. Neno la hawa watu ni lingine kabisa, linatoka kwa lugha za kale za India na maana yake ni aliyeamka, yaani mtu alikuwa usingizini akaamka akaona vitu vilivyo. Si jina la mtu, ni kama cheo. Yule ambaye dunia inamwita Budha alikuwa na jina lake, Siddhartha Gautama, mtu wa kuzaliwa na mama, aliyeishi kaskazini mwa India na kusini mwa Nepali ya leo zaidi kidogo ama kasoro kidogo ya miaka 2,500 iliyopita. Hakusema yeye ni Mungu, wala hakusema ametumwa na Mungu.

Alichoona alipoamka ni kwamba viumbe vyote viko kwenye mzunguko, unazaliwa, unazeeka, unakufa, unazaliwa tena, na kinachozungusha ni tamaa, chuki, na kutoona ukweli. Huo mzunguko unaitwa samsara. Kutoka kwake kunaitwa nirvana, na hapa ndo kosa la kwanza hutokea, watu hudhani nirvana ni mbinguni ya Wabudha. Sio mahali. Neno lenyewe maana yake ni kuzimika, kama moto. Kuna mtu mmoja wa kuhoji hoji anaitwa Vachagotta alimwendea Budha akamuuliza, mtu aliyefika akifa anaenda wapi. Budha akamuuliza, huu moto ulio mbele yako ukizimika umeenda upande gani, mashariki ama magharibi, kaskazini ama kusini? Fikiria jiko lako la makaa jioni baada ya kupika. Huongezi makaa, linawaka mpaka makaa yaliyomo yaishe, alafu linazima. Hakuna mtu nyumbani anauliza moto umehamia mtaa gani. Makaa hapa ni ile tamaa na chuki na ujinga, ukikoma kuongeza, mzunguko unakosa cha kuwasha.

Sasa mpaka hapo Wabudha wote wanakubaliana. Shida inaanza ukiuliza, mtu akifika huko anakuwa mtu wa aina gani, na je, kufika huko ndo mwisho wa kazi?

Tawi la kwanza linaitwa Theravada, maana yake mafundisho ya wazee, na liko zaidi Sri Lanka, Myanma, Tailandi, Laosi na Kambodia. Hapa karibu na sisi kuna kituo cha watawa wa tawi hili pale Entebbe, Uganda, kilichoanzishwa 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, kwa hivo mtu akikwambia Ubudha ni wa Wachina tu mtume huko. Tawi la pili ni Mahayana, maana yake gari kubwa ama chombo kikubwa, na liko Uchina, Japani, Korea, Vietinamu, Tibeti na Mongolia, na ndo lenye watu wengi zaidi. Tibeti kuna wanaoihesabu kama tawi la tatu kwa sababu ya ibada zake za pekee, lakini kwa hii maneno ya mtu aliyefika anakuwaje, wao ni Mahayana kabisa. Utakutana pia na neno Hinayana, gari dogo, kwa vitabu vya zamani vya shule, wakimaanisha Theravada. Tafadhali liache. Ni jina walilobandikwa na wengine kuwashusha, halikuwa lao.

Mtu aliyefika kwa Theravada anaitwa arahanti, yaani mtu anayestahili heshima. Wanaeleza kwamba binadamu amefungwa na minyororo kumi, na haikatiki yote siku moja, inakatika kwa hatua nne. Hatua ya kwanza unakata mitatu, ile imani kwamba ndani yako kuna kitu cha kudumu kinachoitwa mimi, mashaka juu ya njia, na kule kudhani kwamba ibada na kanuni peke yake zitakuokoa. Ukikata hiyo umeingia kwenye mkondo wa mto, huwezi kurudi nyuma, na hutazaliwa tena zaidi ya mara saba. Hatua ya pili tamaa ya mwili na chuki zinapungua, unarudi duniani mara moja tu. Ya tatu hizo mbili zinakatika kabisa. Ya nne inakata iliyobaki, na kati ya iliyobaki mpaka mwisho kabisa iko kiburi, kile kidogo cha kujilinganisha na mwingine, mimi ni bora, mimi ni duni, mimi ni sawa na yeye. Mimi hapa huwa nasimama kila nikisoma, kwamba hata ule mnyororo wa kujiona duni kwao ni kiburi, na unabaki kwa mtu ambaye ameshamaliza tamaa na hasira zote.

Arahanti basi ni jiko ambalo halina makaa tena. Bado anaishi, anakula, anaumwa na mgongo, lakini hakuna kinachomsukuma kuzaliwa tena. Akifa, imeisha.

Na je, ana tofauti gani na Budha mwenyewe? Theravada wanajibu kwa mfano wa Budha mwenyewe. Mtu anatembea msituni anakuta njia ya kale iliyofunikwa na majani, anaifuata, inamfikisha kwa mji wa kale uliosahauliwa, anarudi anawaonyesha watu. Aliyeigundua njia bila kuonyeshwa ni Budha. Waliofuata njia aliyofyeka ni maarahanti. Mji ni ule ule. Uhuru wa Budha na uhuru wa mwanafunzi wake kwa Theravada ni uhuru mmoja, tofauti ni nani alifyeka, na kwamba Budha anajua mengi zaidi na ana uwezo mkubwa zaidi wa kufundisha. Ndo maana Budha mwenyewe pia anaitwa arahanti.

Hapa sasa nataka nikupe stori moja nzima, juu ukiielewa hiyo umeelewa karibu kila kitu kuhusu haya matawi mawili.

Zamani sana, kabla ya dunia hii, kulikuwa na kijana tajiri anaitwa Sumedha. Wazazi wake wakafa wakamwachia mali ya vizazi kadhaa, akaiangalia akasema hawa wote walikusanya na hakuna aliyeenda na senti, akaigawa yote akaenda milimani kuwa mtawa wa peke yake. Akafanya tafakuri mpaka akapata nguvu za ajabu. Siku moja anapita juu angani anaona watu wa mji wanatengeneza barabara kwa furaha, wanajaza mashimo, wanatandaza mchanga. Anashuka anauliza kuna nini, wanamwambia Budha wa wakati huo, Dipankara, anakuja leo. Sumedha anaomba naye apewe kipande cha barabara atengeneze. Kwa kuwa wanajua ana nguvu wanampa kipande kibaya zaidi, kimejaa maji na tope. Angeweza kukikausha kwa nguvu zake, lakini akaamua atatumia mikono.

Kabla hajamaliza Dipankara akafika na wafuasi wake, maarahanti watupu. Tope bado liko. Sumedha akafungua nywele zake, akalala kifudifudi juu ya lile tope, akataka Budha na watu wake wapite juu ya mgongo wake kama daraja wasichafuke miguu.

Na akiwa amelala hapo usoni tope tupu, akafikiria hivi: nikitaka, leo hii naweza kuzima kila kitu ndani yangu, nikawa arahanti, nikamaliza. Alafu akajiuliza, mtu mwenye nguvu kama mimi, kuvuka peke yangu ina faida gani? Nitakuwa Budha kamili, nivuke na nivushe wengine. Dipankara akasimama kando yake, akatangaza mbele ya watu kwamba huyu siku moja atakuwa Budha, na jina lake litakuwa Gautama.

Bei aliyolipa kwa lile wazo moja ni enzi nne zisizohesabika pamoja na kalpa laki moja. Kalpa moja wanaielezea kwa mfano wa mlima wa jiwe tupu, mtu anapita mara moja kila miaka 100 na kitambaa laini anaupangusa mara moja, na mlima utaisha kabla kalpa haijaisha. Angalia Mlima Kenya asubuhi ukiwa Nanyuki, na uwaze leso. Muda wote huo anazaliwa na kufa, mara sungura, mara mfalme, mara mfanyabiashara, akikusanya ukarimu, uvumilivu, hekima, mpaka akazaliwa Siddhartha.

Mtu ambaye ameweka nadhiri kama hiyo, yuko njiani kuelekea kuwa Budha kwa ajili ya wengine, anaitwa bodhisatva.

Sasa sikiliza, stori hii sijaitoa kwa vitabu vya Mahayana. Iko kwa vitabu vya Theravada, kwa lugha yao ya Pali. Kwa hivo yule anayekwambia Theravada hawana bodhisatva na Mahayana ndo walimleta, mwambie arudi akasome. Wote wawili wanamjua Sumedha. Kinachowatenganisha ni swali moja dogo, je, mimi na wewe tufanye kama Sumedha?

Theravada wanasema Sumedha ni mtu wa pekee, na wakati mmoja duniani anahitajika Budha mmoja tu. Njia ameshafyeka. Wewe uliyekuja baadaye kwa nini uende kutafuta panga ufyeke msitu mwingine wakati barabara iko hapa? Ifuate, fika, na ukifika waonyeshe wengine walio nyuma yako. Bodhisatva wanamheshimu sana, wafalme wa Sri Lanka wa zamani walijiita mabodhisatva, lakini lengo la kawaida la mtawa wa kawaida ni kuwa arahanti.

Mahayana wanasema hapana, lile wazo la pale kwa tope ndo Ubudha wenyewe. Kila mtu aliweke. Kuwa arahanti ni sawa lakini ni kusimama njiani. Wazo hili halikuja siku moja na hakukuwa na mtu mmoja aliyeondoka na kundi lake kama Lutheri alivyoachana na Roma. Lilikua polepole kuanzia karibu miaka 2,000 iliyopita ndani ya nyumba zile zile za watawa. Mtawa Mchina Yijing aliyetembea India karne ya 7 aliandika kwamba pande zote mbili zilifuata kanuni zile zile za utawa, tofauti ni kwamba wale wa Mahayana waliheshimu mabodhisatva na kusoma vitabu vya Mahayana. Wanaishi pamoja, wanakula pamoja, mmoja jioni anasoma kitabu ambacho mwenzake hasomi. Ukiweka hii kichwani hautashangaa tena kwa nini mambo mengi yao yanafanana.

Lakini kwa nini waseme arahanti amesimama njiani? Hapa kuna hoja ya maana, na inaanza na kisa kilicho kwa vitabu vya Theravada wenyewe. Kulikuwa na arahanti mmoja anaitwa Pilindavacha. Amemaliza minyororo yote kumi, hana hasira hata punje. Lakini akiongea na watawa wenzake anawaita kwa neno la dharau, neno ambalo watu wa tabaka la juu walitumia kwa watu wa chini. Wenzake wakaenda kumshtaki kwa Budha. Budha akaangalia akasema, msimkasirikie, haongei kwa chuki, maisha 500 mfululizo amezaliwa kwa tabaka la juu akiongea hivo, imebaki tu mazoea ya ulimi.

Chukua sufuria iliyopikwa omena. Osha na sabuni, suuza, anika juani. Omena imeisha, hakuna hata kichwa kimoja. Funika nusu saa alafu ufungue unuse. Theravada wanasema sufuria ni safi, omena haimo, na harufu haimrudishi mtu kwa samsara. Mahayana wanasema sawa, ni safi, lakini harufu bado iko, na hiyo harufu ni pazia jembamba linalomzuia kuona kila kitu na kumsaidia kila mtu kwa namna inayomfaa. Budha ndiye sufuria isiyo na omena wala harufu. Kwa hivo kwa Theravada mji ni mmoja, kwa Mahayana arahanti hajafika kwa mji bado.

Kitabu kimoja kikubwa cha Mahayana, Sutra ya Yungiyungi, kina mfano wa hili. Kiongozi anapeleka watu safari ndefu jangwani kwenda kuchukua hazina, njiani wanachoka wanataka kurudi. Kiongozi anaumba mji kwa nguvu zake, wanaingia, wanaoga, wanalala, wanaamini wamefika. Wakishapumzika anauondoa ule mji anawaambia, hiyo niliweka ili mpumzike tu, sasa hazina iko karibu twendeni. Mji ule wa kuumbwa ni nirvana ya arahanti. Na ndani ya kitabu hicho hicho Shariputra, mwanafunzi mwerevu kuliko wote na arahanti wa kwanza kwanza, anaambiwa kwamba hata yeye siku moja atakuwa Budha. Ukiwa wa Theravada mfano huu unauma, na kitabu chenyewe hawakikubali kuwa ni maneno ya Budha. Mimi naona ni haki kusema hivo wazi, badala ya ile tabia ya kusema dini zote na madhehebu yote ni kitu kimoja. Hapa hawakubaliani, na wanajua hawakubaliani.

Sasa makosa mawili ambayo nasikia kila mara.

La kwanza ni kwamba arahanti ni mtu mbinafsi, amejiokoa akawaacha wengine. Hata watu wa Mahayana wengine huongea hivo wakichangamka. Lakini ukisoma kumbukumbu za mwanzo kabisa, maarahanti walipofika 60, ukimweka na Budha wakiwa 61 dunia nzima, Budha aliwaambia waende watembee kwa faida ya watu wengi, kwa kuwahurumia, na wasiende wawili njia moja. Yaani watawanyike ili wafikie watu wengi zaidi. Alafu fikiria kwa akili ya kawaida tu, ubinafsi unahitaji mimi, na arahanti ndiye aliyekata huo mnyororo wa mimi kutoka mzizi. Huwezi kufika kwa uarahanti ukiwa mchoyo, ni kama kusema mtu amepona malaria lakini bado ana vijidudu.

La pili ni kwamba bodhisatva ni mtu aliyekataa nirvana, amesimama mlangoni anasema tangulieni nitafunga mlango. Picha nzuri, hata mimi niliifundisha hivo miaka ya kwanza, lakini si kamili. Ukifikiria, kama kila mtu anasema tangulia wewe hakuna anayeingia. Watibeti wana namna nzuri ya kulieleza, wanasema kuna nadhiri za aina tatu. Kuna ya mfalme, anayesema nitapanda kiti kwanza nipate nguvu, alafu niwatunze watu wangu. Kuna ya nahodha wa mashua, anayefika ng'ambo pamoja na abiria wake kwa wakati mmoja. Na kuna ya mchungaji, anayetanguliza ng'ombe wote waingie bomani salama, yeye anaingia mwisho. Ile picha ya mlangoni ni ya mchungaji peke yake, na wanaisifu kuwa ndiyo yenye moyo mkubwa zaidi. Lakini zote tatu ni nadhiri za bodhisatva, na zote zinataka kufika. Bodhisatva anataka kuwa Budha na anataka sana, anataka ndo aweze kusaidia.

Na hata nirvana yake Mahayana hawaielezi kama jiko lililozima likanyamaza. Wanasema ni nirvana isiyokaa mahali, haijashikwa na samsara na pia haijatulia nje ya samsara ikasahau waliobaki ndani. Huu ndo ufunguo wa swali la kinyozi.

Fikiria jela. Asubuhi watu wawili wanapita geti moja, mmoja ni mfungwa anarudishwa kutoka kortini, mwingine ni daktari wa wafungwa. Kuta ni zile zile, joto ni lile lile, hata harufu ni ile. Ukipiga foto ya ndani huwezi kujua tofauti, wote wako jela. Lakini mmoja ameletwa na kesi yake na mwingine ameletwa na wagonjwa wake. Mtu wa kawaida kwa imani ya Wabudha anazaliwa tena kama yule mfungwa, anasukumwa na karma yake, matendo yake ya tamaa na chuki, hachagui. Bodhisatva aliyekomaa anazaliwa kama yule daktari, anarudi kwa nadhiri. Na nimesema aliyekomaa kwa makusudi, juu kwa Mahayana mtu yeyote anayeweka ile nia kwa moyo wote ameanza njia ya bodhisatva hata kama ni muuza mboga, lakini huyo wa mwanzo bado ni mfungwa mwenye ndoto ya udaktari. Kuna ngazi kumi za kupanda, na uwezo wa kuchagua unazaliwa wapi unakuja huko mbele.

Watibeti wanaamini Dalai Lama ni mmoja wa hao wa mbele, kwamba ndani yake anajidhihirisha Avalokiteshvara, bodhisatva wa huruma. Yeye mwenyewe huwa anajiita tu mtawa wa kawaida. Lakini maneno anayopenda kurudia, ya mwalimu Shantideva wa karne ya 8, ni ombi kwamba maadamu anga lipo na viumbe vipo, naye abaki kuondoa mateso ya dunia. Mtu anayeomba hivo kila siku, ukimwambia pole kwa kuzaliwa tena hatakuelewa. Kwa hesabu ya Theravada kweli ungeuliza mbona hajamaliza. Kwa hesabu yake yeye, kurudi ndo kazi. Na kwa kuwa ni mtu wa tawi moja, tena la Tibeti, yeye si papa wa Wabudha wote, mtawa wa Tailandi anamheshimu lakini hachukui amri kwake.

Ukitaka kujua hekalu uliloingia ni la tawi gani, angalia sanamu. Theravada mara nyingi utakuta Budha mmoja, Siddhartha, amekaa ama amelala ubavu, pengine na wanafunzi wake wawili kando, na watawa wamevaa rangi ya machungwa ama kahawia. Mahayana utakuta wengi, wengine wamevaa taji na mapambo kama wafalme juu bodhisatva bado anatembea duniani kati ya watu, na mmoja ana mikono elfu, huyo ndo Avalokiteshvara, Wachina wanamwita Guanyin na wanamchora kama mwanamke. Mikono elfu ni ya kufikia watu wengi. Lakini usiape kwa sanamu peke yake, mahekalu mengi ya Uchina yana safu ya maarahanti 18 wanaoheshimiwa sana, na Sri Lanka, ngome ya Theravada, Avalokiteshvara anaombwa mpaka leo kwa jina la Natha.

Nilipomaliza, kinyozi akapangusa kiti, akaniuliza la mwisho. Yule wa tumbo kubwa anayecheka, anayewekwa kando ya mashine ya pesa kwa mahoteli ya Wachina kule Kilimani, yeye ni nani, arahanti ama bodhisatva? Watu wengi hudhani huyo ndo Budha. Si yeye, Siddhartha hakuwa mnene na alikufa zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Yule anaitwa Budai, mtawa Mchina wa karne ya 10 aliyetembea na gunia, na Wachina waliamini alikuwa ni Maitreya amekuja kwa siri. Maitreya ni bodhisatva anayesubiri zamu yake, Budha anayekuja baada ya Gautama, siku mafundisho ya sasa yatakapokuwa yamesahaulika kabisa na njia imefunikwa tena na majani. Na huyo yuko kwa vitabu vya pande zote mbili, Theravada wanamwita Meteya, na wanamsubiri wote.